Jina Likifutwa, Mtu Hubaki: Namna ya Kuficha Majina na Namba katika Jedwali Kabla ya Kulitoa

(Maelezo ya Ofisa Habari kwa watumishi wa vituo vya afya, walimu na makarani wa Kata ya Ilomba)



Nimeombwa nizungumzie jambo moja ambalo siku hizi hutokea ofisini karibu kila mwezi. Mtu wa nje ya ofisi, ambaye pengine ni mtafiti wa chuo, mfadhili au idara nyingine ya Serikali, huomba orodha ya wagonjwa au ya wanafunzi. Orodha hiyo ipo katika daftari, katika PDF, au ndani ya mfumo. Karani huigeuza kuwa jedwali la Excel, hufuta safu ya majina, kisha hulituma kwa barua pepe au kwa WhatsApp akiamini kwamba kazi imekwisha. Nitaeleza kwa nini kazi haijaisha, na hatua zipi huimaliza.

Kwanza, tujikumbushe sheria kwa maneno machache. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa rasmi tarehe 3 Aprili 2024. Sheria hiyo inaziweka taarifa za afya na taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo jedwali la zahanati na jedwali la shule ya msingi yote mawili yanahitaji uangalifu wa juu. Kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi ipo pia sheria ya mwaka 2008, ambayo inamtaka mhudumu atunze siri ya mgonjwa.

Ili tusibaki hewani, nitatumia mfano mmoja wa kutunga na kuufuata hadi mwisho. Tuchukulie zahanati yenye kliniki ya kifua kikuu ya watu wazima. Mtafiti anataka kujua ni wagonjwa wangapi hukosa miadi ndani ya miezi sita ya matibabu. Anapewa kibali, kisha anaomba jedwali la mahudhurio. Katika kipindi hicho wagonjwa ni 34 na mahudhurio yao ni 186. Daftari lilichapwa na kuhifadhiwa kama PDF, lenye jina, namba ya NIDA, namba ya simu, jinsi, tarehe ya kuzaliwa, mtaa, tarehe ya hudhurio na maoni ya mhudumu. Tuseme pia kwamba wagonjwa wote hao wana namba za NIDA.

Hatua ya kwanza hufanywa kabla ya kuficha chochote, nayo ni kukagua kama kugeuza faili hakukuharibu kitu. Watu wengi huiruka hatua hii, na madhara yake hayarekebishiki baadaye, kwa sababu majina yakishaondoka hakuna awezaye tena kuona kosa kwa macho.

Hesabuni mistari. Katika mfano wetu PDF ina mahudhurio 186, lakini jedwali lililotokea lina mistari 191. Mitano ya ziada imetoka wapi? Ni majina marefu. Jina lisipoenea katika kisanduku chake, PDF huliandika kwa mistari miwili, na programu ya kugeuza hudhani mstari wa pili ni mgonjwa mwingine. Mara nyingine nusu hiyo ya jina husukumwa hadi safu ya jirani, iwe ya mtaa au ya maoni. Ukifuta safu ya majina wakati huo, ukoo wa mgonjwa unabaki salama kabisa kwenye safu ya mtaa. Basi tafuteni kila mstari usio na namba ya NIDA au usio na tarehe, muunganisheni na mwenziwe, mpaka idadi irudi 186.

Baada ya mistari, kagueni namba. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel, inapodhani kwamba inachokiona ni namba ya hesabu, hutunza tarakimu 15 za mwanzo tu, na zinazofuata huzigeuza kuwa sifuri. Mchukulie mgonjwa ambaye namba yake, kwa mfano wa kutunga, ni hii ya kwanza, na pacha wake ambaye yake ni hii ya pili:

```
19850312000000001225
19850312000000001721
```

Zikiingia Excel kama namba za hesabu, zote mbili hugeuka kuwa hivi, na mara nyingi huonekana kwenye kisanduku kama `1.98503E+19`:

```
19850312000000000000
```

Wagonjwa wawili wamekuwa mmoja. Fikirini maana yake katika mfano wetu. Pacha mmoja anahudhuria kila mwezi. Mwenziwe ameacha dawa mwezi wa tatu. Katika jedwali lililoharibika wanaonekana kama mtu mmoja mwenye mahudhurio mengi mno. Aliyeacha dawa ametoweka chini ya namba ya ndugu yake, na mtafiti ataandika kwamba hali ni nzuri. Si lazima wawe mapacha. Watu wawili wowote walioandikishwa kwa tarehe ileile ya kuzaliwa, ambao namba zao zinaachana kwenye tarakimu za mwisho tu, watapatwa na hayo hayo.

Kinga yake ni nyepesi. Namba ikiwa na vistari vyake kama ilivyo kwenye kitambulisho, Excel huisoma kama maandishi na haiigusi. Kwa hiyo msiviondoe vistari hivyo. Kama mfumo umetoa faili la CSV lisilo na vistari, msilifungue kwa kubofya mara mbili. Fungueni kwanza Excel tupu, kisha nendeni `Data`, `From Text/CSV`, `Transform Data`, na safu ya namba iwekeni kuwa `Text` kabla ya kuipakia. Halafu pimeni urefu wa kila namba kwa kanuni hii:

```
=LEN(B2)
```

Jibu liwe 23 kwa namba yenye vistari vitatu, au 20 kwa isiyo navyo. Urefu pekee hautoshi, kwa sababu namba iliyoharibika nayo inaweza kutoa jibu la 20. Basi angalieni pia namba zinazoishia kwa sifuri tano mfululizo. Mkiziona kadhaa, rudini kwenye faili la asili na mlipakie upya. Msijaribu kuzisahihisha kwa mkono, maana tarakimu zilizopotea haziko tena ndani ya Excel.

Hatua ya pili ni kuuliza mpokeaji anahitaji nini hasa. Mtafiti wetu anataka kujua nani alikosa miadi na kwa muda gani. Hahitaji namba za simu. Safu hiyo inaondoka. Hahitaji maoni ya mhudumu. Nayo inaondoka yote. Safu ya maoni ni ya hatari kuliko inavyoonekana, kwa kuwa ndimo tunamoandika mambo kama «anafundisha shule ya msingi» au «mke wa mwenyekiti wa mtaa». Maneno hayo hayana jina, lakini hapa kwetu yanamtaja mtu waziwazi. Kuyasafisha mstari kwa mstari ni kazi ndefu, na neno moja likiponyoka linatosha kuharibu yote. Kama hayakuombwa, yaondoeni.

Hatua ya tatu ndiyo ya kuficha jina na namba. Hatuwezi kuzifuta hivi hivi, kwa sababu mtafiti lazima atambue kwamba hudhurio la Machi na la Aprili ni la mtu mmoja. Tunachofanya ni kumpa kila mgonjwa msimbo, yaani alama isiyo na maana yoyote inayosimama badala yake. Tutahitaji orodha ya funguo, yenye mistari 34, mmoja kwa kila mgonjwa: safu A ina namba ya NIDA na safu B ina msimbo.

Namna ya kutunga msimbo ina mitego. Mkitumia herufi za mwanzo za jina na mwaka wa kuzaliwa, mmelificha jina nusu tu, jirani atalisoma. Mkiwapa M-01 hadi M-34 kwa mpangilio wa alfabeti, mwenye orodha ya majina ya eneo hilo anaweza kukisia M-01 ni nani. Mkifuata mpangilio wa daftari, aliyekuwapo siku ya kwanza ya kliniki anajua nani alitangulia. Kwa hiyo changanyeni kwanza: wekeni `=RAND()` katika safu ya pembeni, pangeni orodha nzima kwa safu hiyo, halafu ndipo mgawe misimbo kutoka juu kwenda chini. Safu ya `RAND` ifuteni baada ya hapo.

Wapo watakaowashauri mtumie programu inayoigeuza namba yenyewe kuwa mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu, kwa hoja kwamba hauwezi kurudishwa nyuma. Jiji la New York lilipata funzo kuhusu hoja hiyo mwaka 2014. Kumbukumbu za safari za teksi za mwaka 2013 zilitolewa kwa mwananchi aliyeziomba, namba za magari na za leseni za madereva zikiwa zimegeuzwa kwa njia hiyo. Mtaalamu mmoja wa kompyuta aliona kwamba namba halisi ni fupi na zina mpangilio unaojulikana. Akaigeuza kila namba inayowezekana, akalinganisha na zilizotolewa, na kwa muda wa saa chache zote zikafichuka. Namba ya NIDA ni ndefu zaidi, lakini tarakimu zake nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenyewe: mwaka, mwezi na siku. Anayemfahamu mtu tayari anazo nane kati ya 20. Msimbo uliochanganywa kwa bahati nasibu hauna udhaifu huo, kwa kuwa hautoki ndani ya namba. Hakuna cha kurudisha nyuma isipokuwa kwa kuiba orodha ya funguo.

Orodha ikiwa tayari, iwekeni kwenye karatasi iitwayo Funguo ndani ya nakala ya kazi, na ongezeni safu ya msimbo katika jedwali la mahudhurio kwa kanuni hii, ambapo B2 ni namba ya NIDA:

```
=VLOOKUP(B2,Funguo!$A$2:$B$35,2,FALSE)
```

Kisanduku kikitoa `#N/A`, maana yake namba hiyo haimo katika orodha ya funguo. Mara nyingi kuna nafasi tupu iliyojificha mwishoni mwake au tarakimu moja imekosewa. Msiikimbilie kwa kumpa mgonjwa msimbo mpya, kwani mtu mmoja atakuwa wawili. Tafuteni kosa. Yote yakikubali, nakilini safu ya msimbo na muibandike juu yake yenyewe kwa `Paste Special`, `Values`, ili ibaki misimbo mitupu isiyo na kanuni.

Sasa tumefika mahali ambapo wengi huridhika. Jina halipo, namba ya NIDA haipo, simu haipo. Lakini jinsi, tarehe ya kuzaliwa na mtaa bado vipo, na vitatu hivyo vikikaa pamoja ni sawa na jina.

Hili si neno langu tu. Katikati ya miaka ya 1990, jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilitoa kumbukumbu za hospitali za watumishi wake bila majina. Mwanafunzi wa kompyuta, Latanya Sweeney, ambaye baadaye alikuwa profesa, alinunua daftari la wapiga kura la mji wa Cambridge kwa dola 20. Katika daftari hilo watu sita tu walizaliwa siku moja na gavana wa jimbo, William Weld. Watatu kati yao walikuwa wanaume. Mmoja tu aliishi katika eneo la posta la gavana. Hivyo kumbukumbu za matibabu ya gavana zikajulikana, ingawa jina lake halikuandikwa popote katika faili la hospitali. Nasi hapa, orodha za wapiga kura hubandikwa ukutani kila uchaguzi. Na hata bila orodha hiyo, majirani wanajuana umri, mtaa na ukoo.

Kwa hiyo hatua ya nne ni kupunguza makali ya safu zilizobaki. Tarehe ya kuzaliwa tuigeuze kuwa rika. Tuanze na marika matatu: miaka 18 hadi 34, 35 hadi 54, na 55 na kuendelea. Halafu tuhesabu watu wangapi wanafanana. Hapa nawaomba msikilize kwa makini, kwa sababu kuna kosa linalofanana sana na usahihi. Ukihesabu mistari ya mahudhurio, wanawake wa miaka 55 na zaidi watatoa mistari 12, nawe utasema ni wengi, hawajulikani. Lakini mistari hiyo 12 ni ya wanawake wawili waliohudhuria mara sita kila mmoja. Lazima kuhesabu watu, na watu wako katika orodha ya funguo, ambako kila mmoja ana mstari mmoja tu. Ongezeni huko safu C ya jinsi na safu D ya rika, kisha muandike:

```
=COUNTIFS($C$2:$C$35,C2,$D$2:$D$35,D2)
```

Kanuni hii huonyesha, mbele ya kila mgonjwa, ni wangapi wanaofanana naye, yeye akiwamo. Katika mfano wetu wanaume ni 8, 7 na 5 kwa marika hayo matatu. Wanawake ni 7, 5 na 2. Kipimo kinachotumiwa sana ni kwamba kundi lisipungue watu watano. Hao wawili wako wazi. Tunaunganisha marika mawili ya juu kuwa moja la miaka 35 na kuendelea, na sasa wanaume ni 8 na 12, wanawake ni 7 na 7. Jumla ni 34 kama mwanzo, na hakuna kundi lililo chini ya watano.

Na mtaa je? Tukiugawa tena kila mmoja wa makundi hayo manne kwa mitaa, karibu kila mgonjwa atabaki peke yake. Jedwali la watu 34 haliwezi kubeba mtaa. Basi mtaa unaondoka, na mtafiti anaelezwa kwamba wote ni wa eneo la kituo. Akiuhitaji mtaa kwa lazima, achague: mtaa bila rika na bila jinsi, na hata hapo hesabu irudiwe. Hakuna njia ya kumpa vyote kutoka kwenye orodha ndogo kiasi hiki, na ni vema kumwambia hivyo mapema.

Imebaki tarehe ya hudhurio. Aliyemwona jirani yake akitoka kliniki siku fulani anaweza kuitafuta siku hiyo katika jedwali, na akiipata atajua mstari ni wa nani, kisha kwa msimbo atafuata mahudhurio yote sita. Lakini mtafiti anahitaji muda kati ya hudhurio na hudhurio. Suluhisho ni kumpa muda bila kumpa tarehe: hudhurio la kwanza la kila mgonjwa liwe siku ya 0, na yanayofuata yawe siku ya 28, ya 56, na kuendelea. Msimbo ukiwa safu A na tarehe ikiwa safu D, kanuni ni hii, nayo inafanya kazi katika Excel ya mwaka 2019 na za baadaye:

```
=D2-MINIFS($D$2:$D$187,$A$2:$A$187,A2)
```

Jibu likitokea kama tarehe ya mwaka 1900, msishtuke. Badilisheni kisanduku kiwe `Number`. Nalo libandikeni kama `Values`, halafu muifute safu ya tarehe. Aliyekosa miadi ataonekana bado, kwa kuwa baada ya siku ya 56 atafuata siku ya 112.

Mtaona kwamba jedwali sasa lina safu nne tu: msimbo, jinsi, rika na siku. Swali la mtafiti linajibika lote.

Hatua ya tano ni faili lenyewe. Kuficha safu kwa `Hide` si kuifuta. Mpokeaji ataifunua kwa kubofya mara mbili. Kuyapaka majina rangi nyeupe si kuyafuta. Kuweka utepe mweusi juu ya jina katika PDF mara nyingi huacha maandishi chini yake, na mtu akiyachagua na kuyabandika kwingine yanasomeka. Hata `Protect Sheet` huzuia kubadilisha tu, haizuii kusoma. Karatasi ya Funguo nayo ikisahauliwa ndani ya faili, juhudi zote zimekwenda bure.

Njia iliyo salama ni kufungua faili jipya kabisa na kubandika humo safu zile nne kwa `Values`. Msilitumie faili la kazi kwa kulibadilisha jina, kwa sababu hubeba karatasi zake nyingine, maelezo ya pembeni na majedwali ya muhtasari ambayo hukumbuka data ya zamani. Pangeni mistari ya faili jipya kwa msimbo, ili mpangilio wa daftari usibaki. Kisha nendeni `File`, `Info`, `Check for Issues`, `Inspect Document`, nayo Excel itawaonyesha kama kuna safu zilizofichwa, maelezo, au jina la mtengenezaji. Mwisho tafuteni kwa `Ctrl+F`. Kwetu Mbeya, andikeni «Mwa», maana koo nyingi za hapa huanza hivyo. Jedwali letu lisilo na maelezo halina sababu ya kuwa na silabi hiyo, isipokuwa kama jinsi imeandikwa «mwanamke» na «mwanamume». Iandikeni KE na ME, na jibu la utafutaji liwe sifuri. Utafutaji huo hautawanasa akina Sanga na Mbilinyi, kwa hiyo pitieni pia kila safu kwa `Filter` na muangalie orodha ya yaliyomo: safu ya jinsi iwe na maneno mawili tu, na safu ya rika iwe na mawili tu. Neno la tatu likionekana, hapo ndipo kipande cha jina kilipojificha. Na jina la faili lenyewe lisiwe la mgonjwa wala la mhudumu.

Orodha ya funguo haitoki kituoni. Ihifadhiwe na mganga mfawidhi katika faili lake peke yake, lililofungwa kwa nywila kupitia `Encrypt with Password`, na isikae katika folda moja wala flashi moja na jedwali lililotolewa. Mtafiti akigundua jambo la hatari, kwa mfano kwamba M-17 hajaonekana tangu siku ya 56, atakiandikia kituo, na kituo ndicho kitakachofungua orodha na kumfuata mgonjwa nyumbani kwa utaratibu wa kawaida. Hapo mnaona faida ya kutofuta kabisa. Lakini kwa kuwa orodha hiyo ipo, mtu bado anaweza kujulikana, na hivyo sheria niliyoitaja bado inalihusu jedwali. Kibali, na ahadi ya maandishi ya mpokeaji kwamba hatamtafuta mtu wala kumpa mwingine faili, vinahitajika hata baada ya hatua hizi zote.

Ndugu walimu, msidhani nimewasahau. Hatua ni zilezile. Mitego yenu ina sura nyingine kidogo. Namba ya mtihani ya kidato cha nne ina sehemu mbili, ya kwanza ikiwa namba ya kituo, yaani shule, na ya pili ikiwa ya mtahiniwa. Matokeo ya Baraza la Mitihani hutangazwa kwa namba hizo. Mkiiacha namba ya mtihani katika jedwali lenye taarifa za ada, ujauzito au ulemavu, yeyote atayaunganisha na matokeo, na wanafunzi wa darasa hilo wanajuana namba. Namba ya PREM nayo humfuata mwanafunzi anapohama shule, basi ni kitambulisho kamili. Zote mbili zibadilishwe kwa msimbo. Na pale ambapo shule ina mwanafunzi mmoja tu mwenye ulemavu wa macho katika darasa la tano, hakuna msimbo utakaomficha. Unganisheni madarasa au aina za ulemavu, mpaka hesabu ifike watano.

Kwa wahudumu wa kliniki za wanaoishi na virusi vya Ukimwi nina neno moja zaidi. Namba ya CTC imetungwa kwa sehemu, zikiwamo za mkoa, wilaya na kituo, na ya mwisho ni ya mgonjwa mwenyewe. Hata asipojulikana ni nani leo, kadi yake ikionekana kesho mezani kwake, namba iliyomo kwenye jedwali lenu imekwishamtaja. Tena namba ya aina hiyo, popote inapoonekana, tayari inasema mwenyewe anatibiwa nini. Isitoke nje ya kituo kamwe ikiwa katika jedwali la kugawa, hata kama limeombwa kwa haraka na mtu wa cheo.

Anayelinda siri hii humlinda mtu ambaye pengine tunakutana naye Soko la Mwanjelwa Jumamosi. Mgonjwa wa kifua kikuu akisikia jina lake mtaani kabla ya miezi sita kwisha, anaweza asirudi kuchukua dawa, na ugonjwa ukabaki nyumbani kwake na kwa watoto wake. Hiyo ndiyo sababu ya kuhesabu mistari 191 mpaka irudi 186.

Kwa atakayekwama katika hatua yoyote, ofisi yetu na Kitengo cha TEHAMA tuko tayari kukaa naye mbele ya kompyuta. Msitume faili lenyewe kwa ajili ya kuomba msaada. Njooni, au tutakuja kituoni.